Mteja kakata punguzo la kulipa mapema, hela imeingia tarehe 13. Nani yuko sahihi?

#1 Mwenye_Karakana
Wakuu, naomba mawazo yenu. Natengeneza samani za ofisi. Wateja nawapa mzigo na ankara, wanalipa ndani ya siku 30. Mwezi huu nilibanwa, mbao zimeisha na hela yote iko kwa wateja. Nikawatumia wote ujumbe huu:

"Mteja wetu, ukilipa kabla ya tarehe 10 utapata punguzo la asilimia 3. Karibu."

Mmoja ana ankara ya 400,000 iliyoandikwa tarehe 1. Tarehe 10 ilikuwa Ijumaa. Saa 3 usiku akanitumia picha ya muamala wa benki, 388,000. Hela nimeiona kwenye akaunti Jumatatu, tarehe 13. Nikamwambia bado nakudai 12,000. Kajibu: "Mimi nimelipa tarehe 10, soma tangazo lako mwenyewe."

Nani ana haki hapa? Na ningeandikaje ili hili lisijirudie?

#2 Nahodha_K
Una haki wewe. Umeandika "kabla ya tarehe 10". Kabla ya 10 ni 9. Huyo hata angelipa asubuhi ya tarehe 10 angekuwa amechelewa. Mdai hela yako.

#3 Dada_Stoo
Nahodha, Kiswahili chako ni sahihi, ila wateja hawasomi hivyo. Mtu akiona "kabla ya tarehe 10", kichwani anabaki na 10 tu. Nimekaa stoo miaka mingi na kila tangazo lenye "kabla ya" linaleta ugomvi wa siku moja. "Mpaka tarehe 10" nayo ina utata wake, wengine wanaiingiza 10, wengine wanaishia ukingoni.

#4 Msomaji_Kimya
Mimi punguzo natoa kwa anayechukua vipande kuanzia kumi. Asiyefika kumi hapati, na sijawahi kugombana na mtu. Jaribu hivyo mkuu.

#5 Dada_Stoo
Msomaji, hilo ni punguzo la kununua kwa wingi. Linaisha palepale mnapopatana bei na linaingia kwenye ankara. La mwenye uzi linaning'inia. Ankara inatoka na 400,000, halafu mteja ndiye anaamua baadaye kama atalipa 388,000 au zote. Ugomvi wote unatoka kwenye huko kuning'inia.

#6 MzeeWaLeja
Salaam. Mwenye uzi, ujumbe wako una mashimo matatu, na mteja wako amepita kwenye mawili.

La kwanza ni hiyo "kabla ya", Dada_Stoo kashaisema.

La pili ni kubwa zaidi. Umesema "ukilipa", lakini hukusema kulipa ni kufanya nini. Kwake yeye kulipa ni kubonyeza kitufe cha kutuma, kwako ni hela kuonekana kwenye akaunti. Kati ya mambo hayo mawili kulikuwa na Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili. Benki yake ilipokea agizo baada ya saa za kazi ikalishughulikia Jumatatu. Ni kweli alituma tarehe 10, na ni kweli ulipokea tarehe 13. Ujumbe wako haukusema ipi inahesabika.

La tatu, hukutaja ankara. Huyo akiwa na ankara ya miezi miwili nyuma, naye akailipa tarehe 8 na kukata asilimia 3, utamzuia kwa maneno gani?

#7 Mwenye_Karakana
Mzee, hilo la tatu limeshatokea. Kuna mteja mwingine alikuwa na deni lililopitiliza, kalilipa tarehe 7 akakata asilimia 3. Nilipokea tu kwa furaha ya kuona hela.

#8 MzeeWaLeja
Basi umempa zawadi kwa kuchelewa. Sharti la kwanza kwenye barua yoyote ya namna hii liwe kwamba mteja hana ankara nyingine iliyopita tarehe yake.

#9 Nahodha_K
Hata hivyo asilimia 3 ni ndogo. Watu wanapiga kelele kwa kitu kidogo. Ukiizidisha kwa miezi 12 ni asilimia 36 kwa mwaka, hapo ndipo inauma kidogo.

#10 MzeeWaLeja
Nahodha, umefika mlangoni lakini hujaingia. Kwanza, mwenye uzi hanunui mwezi mzima. Asingetoa punguzo hela ingekuja tarehe 30, sasa inakuja tarehe 10. Anachonunua ni siku 20. Pili, hela anayoipata mapema ni 388,000, siyo 400,000, kwa hiyo gharama yake ni 12,000 juu ya 388,000. Yaani 3 kwa 97. Zidisha kwa 365, gawanya kwa 20. Inakuja zaidi kidogo ya asilimia 56 kwa mwaka.

Sisemi asitoe. Nasema ajue kwamba amekopa siku 20 kwa kiwango hicho. Kama benki inampa ovadrafti kwa riba ya chini ya hapo, ovadrafti ni nafuu.

#11 Kijiko_cha_Chumvi
Mzee, hesabu yako inadhani wateja wake wanalipa siku ya 30 kweli. Wangu ankara ya siku 30 wanailipa siku ya 45, na hapo nimeshapiga simu mpaka nimechoka. Ukihesabu kutoka siku ya 10 hadi ya 45 ni siku 35, na gharama inashuka mpaka kama asilimia 32. Hesabu ifanywe kwa siku ambayo mteja hulipa, siyo ile iliyoandikwa kwenye karatasi.

#12 MzeeWaLeja
Nakubali, Kijiko. Tarehe ya karatasi si tarehe ya hela. Ila upande wa pili nao upo: mteja ambaye hulipa siku ya 12 bila kusukumwa, ukimpa asilimia 3 ili alipe siku ya 10, umenunua siku mbili kwa 12,000.

#13 Kijiko_cha_Chumvi
Hilo ndilo lililonifanya niache. Nilitoa punguzo miezi sita. Waliolichukua walikuwa walewale waliokuwa wanalipa vizuri tangu zamani. Wasumbufu hawakubadilika hata mmoja. Niliwapa hela watu ambao sikuwa na tatizo nao.

#14 Dada_Stoo
Kwetu ilikuwa kinyume. Wateja wawili wakubwa waliokuwa wanatuzungusha walianza kulipa siku ya 9 kila mwezi. Mmoja mhasibu wao aliniambia wazi: kwenye mfumo wao ankara yenye punguzo inapanda juu ya foleni, isiyo na punguzo inakaa chini. Nadhani inategemea kama mteja amekosa hela au amekosa haraka. Aliyekosa hela, asilimia 3 haimpi hela.

#15 Kijiko_cha_Chumvi
Huenda. Au wako walikuwa na hela nyingi siku hizo, na mwaka mwingine usingeona kitu.

#16 Mnunuzi_wa_Ofisi
Habari zenu. Mimi nakaa upande wa pili, ndiyo ninayepitisha malipo ofisini. Niwape picha ya huko.

Ankara inaandikwa tarehe 1. Mzigo unafika tarehe 4. Mpokeaji anahesabu na kusaini, karatasi inanifikia tarehe 6. Mimi naiingiza, bosi anaidhinisha. Malipo yetu yanatoka mara moja kwa wiki, Alhamisi. Ikikosa Alhamisi hiyo, inasubiri nyingine. Kwa hiyo ukiniambia "siku 10 tangu tarehe ya ankara", kwa kweli umenipa siku tatu au nne. Msambazaji mmoja alibadilisha ikawa siku 10 tangu mzigo kupokelewa na kusainiwa, na tangu hapo hatujakosa punguzo lake hata mara moja.

#17 Nahodha_K
Sasa dada, huoni hapo mteja atachelewesha kusaini makusudi?

#18 Mnunuzi_wa_Ofisi
Mimi ni kaka, Nahodha. Hati ya kupokelea mzigo ina tarehe na sahihi, na dereva anaondoka na nakala. Asiyesaini dereva hamshushii. Na msambazaji hakutuachia kuhesabu. Akipata nakala ile anatuma ujumbe wenye tarehe kamili: "mwisho wa punguzo ni Jumanne tarehe 14". Hakuna tena ubishi wa siku ya kwanza ni leo au kesho.

#19 Nahodha_K
Samahani kaka. Hilo la tarehe kamili nalikubali. "Ndani ya siku 10" kila mtu ana kalenda yake.

#20 BibiMwalimu
Wanangu, na mimi nina neno kuhusu saa. Nakodisha mahema na viti, na anayelipa mapema nampunguzia. Niliwahi kuandika "mwisho ni usiku wa tarehe 10". Mteja mmoja akaleta hela tarehe 10 jioni, jua limezama. Nikamwambia umepitwa, kwa sababu mimi nilivyolelewa usiku wa tarehe 10 ni ule wa kuamkia 10. Ulishapita jana yake. Yeye anasema usiku wa 10 ni huu unaoingia. Tulibishana mpaka majirani wakatoka nje. Tangu siku hiyo neno usiku sitii kwenye tangazo. Naweka mchana, tena duka likiwa wazi.

#21 Dada_Stoo
Bibi, shikamoo. Hapo umenikumbusha: hata "saa 10" peke yake haitoshi. Andika "saa 10 jioni". Kwa wateja wanaosoma saa kwa mtindo mwingine ongeza 16:00.

#22 BibiMwalimu
Marahaba mwanangu. Na yule mteja mwishowe nilimpa punguzo lake. Nilikuwa na uhakika na usiku wangu, lakini tangazo niliandika mimi, yeye alilisoma tu.

#23 MzeeWaLeja
Bibi kasema jambo ambalo wanasheria wa nchi nyingi nao wanalo. Maneno yakiwa na maana mbili, mara nyingi yanasomwa dhidi ya aliyeyaandika. Mwenye uzi, ndiyo maana kwa mteja huyu mmoja naona upo pabaya kidogo.

#24 Nahodha_K
Mimi bado sioni utata. Kabla ya 10 ni 9. Akienda mbele ya mtu yeyote anayejua Kiswahili anashindwa.

#25 Mnunuzi_wa_Ofisi
Nahodha, mwenye uzi mwenyewe hakumwambia "ilikuwa mwisho 9". Kwa maelezo yake ya #1, ugomvi ni hela kuingia 13. Maana yake hata yeye alikuwa anaihesabu 10. Au nimekosea, mwenye uzi?

#26 Mwenye_Karakana
Hujakosea. Ingeingia tarehe 10 nisingesema kitu. Na kuna mwingine aliyelipa tarehe 10 mchana nikampa punguzo.

#27 MzeeWaLeja
Basi hoja ya 9 umeshaiua wewe. Umebaki na ya kutuma na kupokea tu.

#28 Fundi_Rafu
Nimesoma yote. Mimi swali langu ni kuhusu malipo nusunusu. Mteja wangu ana ankara ya 400,000 na punguzo la asilimia 3. Kaleta 194,000 ndani ya tarehe. Anasema amelipa nusu na punguzo lake. Nimeandika deni lililobaki 206,000, yeye anasema 200,000. Nani sahihi?

#29 MzeeWaLeja
Inategemea ulimwahidi nini. Kama ulisema punguzo ni kwa anayelipa ankara yote, basi 206,000 ni sawa mpaka akamilishe ndani ya tarehe. Kama hukusema, na umekubali kumpa kwa sehemu, yeye ndiye sahihi. Anayelipa 97 anafuta 100, kwa hiyo gawanya 194,000 kwa 0.97, unapata 200,000.

Wengi wanakosea hapa kwa kuchukua asilimia 3 ya 194,000, ambayo ni 5,820, wakaijumlisha. Wanapata 199,820, na kwenye leja linabaki deni la 180 ambalo hakuna anayejua limetoka wapi. Ukiona visalio vidogo vya namna hiyo kwa wateja wengi, kakague anayeingiza malipo anahesabuje.

#30 Fundi_Rafu
Asante Mzee. Ni kweli sikumwambia. Nimeangalia leja, vijisalio vipo vingi tu.

#31 Kijiko_cha_Chumvi
Kuna kingine kinachoacha visalio: makato ya benki. Mteja anatuma 388,000, njiani inakatwa ada, inafika pungufu. Je, amelipa au hajalipa? Kwangu niliandika "kiasi kinachotufikia". Wengine waliona nawabana.

#32 Mnunuzi_wa_Ofisi
Si kuwabana. Ukiniandikia kiasi kamili kinachotakiwa kufika, naongeza ada juu yake. Ukiniandikia asilimia tu, nami nakokotoa ninavyojua. Ofisini kwetu tuliwahi kukata asilimia kwenye jumla yote, pamoja na usafirishaji. Msambazaji alikuwa anakusudia bidhaa tu.

#33 Dada_Stoo
Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Mwenye uzi, kwenye 400,000 yako kuna usafiri?

#34 Mwenye_Karakana
Upo, 40,000. Namlipa mwenye gari taslimu siku hiyohiyo.

#35 Dada_Stoo
Mwenye gari hakupunguzii, wewe unampunguzia mteja kwa niaba yake. Asilimia 3 ya 360,000 ni 10,800. Hiyo 1,200 inayobaki unaitoa mfukoni kila ankara. Na kodi ya mauzo muulize mhasibu wako kabla hujaandika, kila nchi ina utaratibu wake wa kuishusha pale punguzo linapochukuliwa, na mara nyingi wanataka krediti noti.

#36 Mwenye_Karakana
Wakuu, nimekaa chini nikaandika upya kwa ajili ya mwezi ujao. Tarehe nimeacha zilezile za mwezi huu ili mlinganishe. Naomba mnikosoe:

"Ankara namba 118, ya tarehe 1. Jumla 400,000: bidhaa 360,000, usafiri 40,000.
Malipo ya kawaida: 400,000, mwisho Alhamisi tarehe 30.
Malipo ya mapema: 389,200. Kiasi hiki kamili kiwe kimeingia kwenye akaunti yetu si baada ya Ijumaa tarehe 10, saa 10 jioni (16:00). Tarehe inayohesabika ni ya hela kuingia, siyo ya kutumwa.
Punguzo ni kwa ankara hii tu, ikilipwa yote kwa mkupuo mmoja, na kwa mteja asiye na ankara nyingine iliyopita tarehe yake.
Hela ikiingia baada ya muda huo, ankara inabaki 400,000, na kiasi kilicholipwa kitahesabiwa kama malipo ya sehemu."

#37 MzeeWaLeja
Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyokuwa naisubiri. Sasa anayekata kwa kuchelewa anajua tangu mwanzo salio lake linabaki wazi. Lakini lazima uidai. Ukinyamaza mara tatu, ya nne atakwambia ndiyo desturi yenu, na atakuwa na ushahidi kwenye stetimenti. Siku hela inapoingia pungufu, siku hiyohiyo tuma ujumbe wa mistari miwili: tumepokea kiasi fulani tarehe fulani, salio ni kiasi fulani, mwisho wake tarehe 30. Ukitaka kumsamehe, msamehe kwa maandishi na useme ni kwa mara hii moja.

#38 Mnunuzi_wa_Ofisi
Mimi ningeongeza neno kuhusu mzigo wenye kasoro. Ukinishushia viti kumi, viwili kati yake vikiwa vimevunjika, siwezi kulipa 389,200 na siwezi kulipa yote kwa mkupuo. Kwa barua hii nimekosa punguzo kwa kosa lako.

#39 Nahodha_K
Hapo nami naungana naye. Tarehe isimame mpaka viti vibadilishwe.

#40 Kijiko_cha_Chumvi
Ukisimamisha tarehe, kila mtu atagundua mkwaruzo siku ya tisa. Mimi niliwapa siku mbili za kulalamika tangu kupokea. Lalamiko likija ndani ya siku hizo, nampa punguzo kwa viti vizima na analipa hivyo kwanza. Likija baada ya hapo tunashughulikia kasoro, lakini tarehe ya punguzo haisogei.

#41 Mnunuzi_wa_Ofisi
Siku mbili ni chache kwa mzigo ulio kwenye maboksi. Angalau nne.

#42 Mwenye_Karakana
Nitaweka tatu, nione. Kuhusu yule wa 12,000: nimemwandikia leo. Nimemwambia ujumbe wangu haukuwa wazi, hivyo salio la 12,000 nalifuta kwa ankara hii pekee, na nimemwambatishia masharti mapya. Kajibu neno moja, "Sawa". Sijui kama ni sawa ya kuelewa au ya kunimaliza.

#43 Nahodha_K
Umempa bure. Ila hela ni yako.

#44 BibiMwalimu
Umefanya vizuri mwanangu. Sasa niulize: hiyo tarehe ya mwisho ikiangukia sikukuu na benki zimefungwa, anahesabiwa siku ya kazi inayotangulia au inayofuata?

#45 Mwenye_Karakana
Bibi, hilo sikuliandika. Ngoja nifungue kalenda.